Mwandiko wa kushikana kwenye plota: unganisha herufi kwanza, kisha pima shingo

Wateja wengi wanaotaka maneno kwenye kioo cha nyuma cha Hiace huja na picha ya kadi ya harusi kwenye simu. "Fundi, nataka mwandiko kama huu." Mwandiko wenyewe ni ule wa kulala ubavu, kila herufi imeishika inayofuata, na mikia imechorwa kwa mistari myembamba kama uzi. Kwenye kadi hakuna shida, kwa sababu wino ukipita mara mbili mahali pamoja hakuna atakayejua. Plota ya kukata stika haina wino. Ina kisu, na kisu hufuata mzingo wa kila umbo lililomo kwenye faili, hata mzingo ambao wewe huuoni kwenye skrini.

Fonti za mwandiko wa kushikana hutengenezwa herufi mojamoja. Herufi "a" ina mkono unaotoka kulia, na mkono huo huingia ndani ya mwili wa herufi inayofuata. Ukiandika kwa rangi nyeusi unaona neno moja lililoungana, lakini kwa plota bado kuna maumbo mawili yaliyolaliana, na kila moja lina mzingo wake kamili. Kisu kitapita kwenye ncha ya mkono wa "a" ndani ya "g", kisha kitarudi kukata mgongo wa "g" juu ya mkono wa "a". Matokeo yake, pale panapotakiwa kuwa kiungo pana kipande kidogo chenye umbo la punje ya mchele, kimekatwa pande zote. Wakati wa kung'oa mabaki kipande hicho hutoka, au hubaki na kubanduka siku gari linapooshwa.

Ili kuuona mzingo huo, zima rangi. Katika Inkscape nenda View, Display Mode, Outline. Katika CorelDRAW chagua Wireframe. Mistari yote ambayo kisu kitafuata huonekana hapo, ikiwa pamoja na ile inayokatiza ndani ya viungo.

Dawa ni kuyaunganisha maumbo yawe mzingo mmoja wa nje, huku matundu ya herufi yakibaki. Kabla ya hapo maliza kazi ya maandishi yakiwa bado maandishi: tahajia, ukubwa wa kweli kwa milimita, na nafasi kati ya herufi. Ukishaunganisha, "p" uliyoisahau haiingii tena kwa kubonyeza kitufe. Katika Inkscape mfuatano ni huu:

```
Path > Object to Path    Shift+Ctrl+C
Object > Ungroup         Shift+Ctrl+G
Path > Union             Ctrl++
```

Katika CorelDRAW mimi huyavunja maandishi kwa Ctrl+K hadi kila herufi ijitegemee, ikiwa bado ni maandishi, kisha nazichagua zote na kubonyeza Weld. Usizigeuze kuwa mistari kwa Ctrl+Q halafu ukavunja tena kwa Ctrl+K. Hapo tundu la "a" hutengana na "a" yake, na Weld italimeza, upate kidonge cheusi mahali pa herufi. Amri nyingine inayochanganya watu ni Combine. Inafanana na kuunganisha, lakini huacha mizingo yote ilivyo na kuiweka tu ndani ya umbo moja. Utaitambua kwa rangi: kila mahali herufi zilipolaliana patakuwa peupe.

Waandikao Kiarabu kwa fonti hukutana na jambo hilohilo, kwa kuwa herufi zake nazo hushikana. Wao wana mzigo wa ziada wa nukta, ambazo hubaki vipande vya peke yake, na nukta ikiwa chini ya milimita 3 hivi mara nyingi huondoka na mabaki bila kuaga.

Baada ya kuunganisha, wengi hutuma faili kwenye mashine. Mimi husimama hapo, kwa sababu sasa ndipo linapojibika swali la mstari uwe na unene gani ili usikatike. Unene unaoamua kama stika itakaa haupimwi kwenye nguzo nene ya herufi. Unapimwa mahali pembamba kuliko pote, na katika mwandiko wa kushikana mahali hapo mara nyingi ni kiungo: mkono wa herufi moja umegusa tu ubavu wa nyingine bila kuingia ndani. Pakiungana hivyo, panabaki shingo iliyo nyembamba kuliko mkono wenyewe. Kwenye skrini neno linaonekana limeshikana vizuri, lakini ukilivuta kwa utepe wa kuhamishia linakatikia hapo.

Kwa nini wembamba una mpaka? Stika nyingi za kukata zina unene wa mikroni kati ya 60 na 100, yaani hauzidi sehemu moja ya kumi ya milimita. Kinachoishikilia kwenye karatasi yake ni gundi iliyo chini ya upana wa mstari huo, basi. Kisu cha plota za kawaida hakielekezwi na mota. Ncha yake iko nyuma kidogo ya kitovu, mara nyingi milimita 0.25, na hujigeuza kwa kuburutwa. Kila kona kisu kinapogeuka, husukuma stika pembeni. Mstari mpana una gundi ya kutosha kuhimili msukumo huo. Mstari wa nusu milimita hauna, kwa hiyo huinuka, hujikunja au hufuatana na kisu. Ukiokoka kwenye kisu, bado kuna kung'oa mabaki, kuhamisha, na baadaye maji na kitambaa cha muosha gari.

Vipimo ninavyofuata si sheria ya kiwanda, ni vya dukani kwangu. Kwa kioo cha ndani ambacho hakiguswi, mstari mwembamba kuliko yote uwe milimita 1. Kwa gari, 1.5. Kwa ukuta uliopakwa rangi au ubao usio laini, 2 au zaidi. Matundu nayo yana mpaka wake: tundu lenye upana chini ya milimita 1 utalitoa kwa ncha ya sindano ukilitukana, na kwa mbali litaonekana limeziba hata ukilitoa.

Tuchukue kazi ya kweli ya aina hii: maneno "Mgaagaa na upwa" kwenye kioo cha nyuma, upana usizidi sentimita 70. Fonti iliyochaguliwa ni ya jamii ya Great Vibes, yenye nguzo nene na mikono ya uzi. Kwa mstari mmoja wa sentimita 70, nguzo zinatoka milimita 6, mikono inayoshikanisha herufi milimita 0.7, na kitanzi cha mkia wa "g" kina uwazi wa 1.1. Tunahitaji 1.5.

Njia ya kwanza ni kukuza. Kutoka 0.7 kwenda 1.5 ni kukuza zaidi ya mara mbili, maneno yafike karibu sentimita 150, na nafasi tuliyopewa ni 70. Njia ya pili ni kunenepesha: kusogeza mzingo nje kwa 0.4 kila upande. Mikono inafika 1.5, sawa, lakini kila tundu linapoteza 0.8. Kitanzi cha "g" kinabaki na uwazi wa 0.3, yaani kimekufa. Na uzuri wa fonti unakwenda nacho: nguzo iliyokuwa nene zaidi ya mara 8 ya mkono sasa ni mara 4 na nusu tu, na mteja atakuuliza mbona si ule mwandiko wake.

Tulichofanya ni kupanga maneno mistari miwili, "Mgaagaa" juu na "na upwa" chini. Kila mstari ukiwa na takriban nusu ya herufi, maandishi yanaweza kukua mara 1.9 ndani ya sentimita zilezile 70. Mikono inafika 1.33 na kitanzi 2.1. Kilichobaki ni kunenepesha kwa 0.1 kila upande: mikono 1.53, kitanzi 1.9, na hakuna jicho litakalogundua. Katika Inkscape tumia Path Effects, chagua Offset, andika 0.1 mm, kisha Object to Path ili ibaki hivyo. Fanya hivyo baada ya kuunganisha, si kabla, la sivyo unanenepesha hata mizingo iliyofichika ndani ya viungo.

Mistari miwili ilileta jambo lingine. "Mgaagaa" ina "g" mbili, na mikia yake hushuka hadi kwenye mstari wa chini. Bahati njema "na upwa" haina herufi hata moja inayopanda juu, hivyo mikia ina pa kupita. Lakini mkia mmoja uligusa mgongo wa "u" kwa ncha tu. Kugusa kwa ncha ndiyo hali mbaya kuliko zote. Ama unauacha mbali, milimita 3 hivi, ama unauzamisha kabisa ndani ya "u" na kuviunganisha. Mimi niliuzamisha, kwa sababu mistari miwili ikiwa kipande kimoja haiwezi kupishana wakati wa kubandika.

Kupima kila kiungo kwa macho kunachosha, na macho hudanganya. Kuna njia ya haraka. Nakili umbo lililokwisha unganishwa, nakala uipe rangi nyekundu, kisha uisogeze mzingo ndani kwa nusu ya unene unaotaka: kwa 1.5 andika -0.75 mm kwenye Offset. Kila mahali nakala nyekundu inapokatika, mstari pale ni mwembamba kuliko 1.5. Katika kazi hii nyekundu ilikatika sehemu mbili: kati ya "p" na "w", ambako mkono uliingia kidogo mno, na kwenye ncha za mikia. Ya kwanza ilitibiwa kwa kurudi kwenye nakala ya maandishi na kusogeza "w" kushoto kabla ya kuunganisha upya. Ndiyo maana nakala hiyo haifutwi. Ncha za mikia zitatoweka daima kwa sababu zinachongoka. Hizo nazikata pale unene unapofika 1.5 na kuzifanya mviringo, maana ncha kali ndiyo ya kwanza kubanduka. Kwa matundu fanya kinyume, sogeza nje kwa 0.5, na tundu litakaloziba lina upana chini ya milimita 1.

Kabla ya kukata kazi nzima, kata "aag" peke yake kwa ukubwa uleule kwenye kipande cha stika hiyohiyo. Ng'oa mabaki mapema, kwa sababu kwenye joto gundi hurudi kushikana kwenye mkato, na uvute polepole ukiyakunja mabaki nyuma yalale karibu na karatasi. Mkono ukiinuka wakati kisu bado kinakata, tazama ncha ya kisu na punguza mwendo. Ukiinuka wakati wa kung'oa tu, ongeza shinikizo kidogo, maana mkato haujafika chini. Lakini ukikatika mahali palepale mara mbili, acha mashine ilivyo: rudi kwenye faili, kuna shingo hujaiona.