Kompyuta inayoamka usiku: kosa si la virusi

Mjomba wangu ana kibanda cha kupiga taipu na kutoa kopi Langoni, Lamu. Jioni huilaza kompyuta badala ya kuizima, ili asubuhi barua za wateja azikute pale alipoziacha. Mwezi uliopita, kila akifungua mlango, aliikuta inanguruma.

Dhana: Inayojiamsha ina virusi.

Ukweli: Kompyuta iliyolala haijakatiwa umeme. Kumbukumbu yake huendelea kupata umeme kidogo, na mara nyingi tundu za USB pia, kwa hiyo kitufe kimoja cha kibodi kikibonyezwa kinatosha kuiamsha. Na Lamu ina paka. Walipitia dirishani, wakakanyaga kibodi.

Usikisie, iulize mashine yenyewe mara tu unapoikuta macho. Kwenye Windows fungua Command Prompt kwa "Run as administrator", uandike:

```
powercfg /lastwake
powercfg /devicequery wake_armed
```

Amri ya kwanza hueleza kilichoiamsha mara ya mwisho, ila mara nyingi hutaja kidhibiti cha USB tu, si kibodi iliyochomekwa humo. Mimi huitegemea zaidi ya pili, inayoorodhesha vifaa vyenye ruhusa ya kuamsha. Kwa mjomba vilitokea vitatu: HID Keyboard Device, HID Keyboard Device (001) na HID-compliant mouse.

Dhana: Kibodi ikinyimwa ruhusa, haitaandika tena.

Mjomba aliogopa hilo hasa. "Mwanangu, kesho nitapigaje taipu?"

Ukweli: Unaondoa ruhusa ya kuamsha peke yake. Asubuhi utabonyeza kitufe cha kuwashia, na kibodi itaandika kama jana. Jina liandike vilevile lilivyo kwenye orodha:

```
powercfg /devicedisablewake "HID Keyboard Device"
```

Ukitaka kuirudishia ruhusa, tumia `/deviceenablewake`.

Dhana: Kibodi ikishanyamazishwa, kazi imekwisha.

Ukweli: Usiku uliofuata kompyuta iliamka tena. Nadhani paka alijisugua kwenye kipanya, kwa sababu kipanya kilikuwa bado na ruhusa. Ile (001) nayo ilikuwa kipokezi cha kipanya hicho kisicho na waya. Vipokezi vingi hujitambulisha kama kipanya na kibodi kwa pamoja, na hapo ndipo watu wengi hukwama: wananyima jina moja, kifaa kinaamsha kwa jina la pili. Tulivinyima vyote viwili.

Dhana: Kuondoa ruhusa hii huzuia pia kioo kuwaka.

Ukweli: Hapana. Ikiwa ni kioo tu kilichozimika na kompyuta haijalala, kitufe chochote kitakiwasha.

Tulipouliza tena `powercfg /devicequery wake_armed`, jibu lilikuwa neno moja: NONE. Asubuhi yake kibodi ilikuwa na manyoya ya paka, na kompyuta ilikuwa bado imelala.