Tangi la kapsuli: mbona la "lita elfu tano" lilijaa kabla pipa la 18 halijaisha

Mjomba wangu ana ng'ombe upande wa Tororo, na mwaka jana alitengenezewa tangi la maji la chuma, lile la umbo la kapsuli linalolala, katikati silinda alafu kila mwisho kuna kichwa cha nusutufe, yaani nusu ya mpira. Fundi alimwambia ni la lita 5,000 na akalipia lita 5,000. Siku ya kulijaza tukavuta maji kwa pampu kutoka kwa mapipa ya lita 200, tunahesabu moja moja, na kwenye pipa la 18, kabla halijaisha, maji yakaanza kumwagika juu ya mfuniko. Mjomba akanitazama, "Mpwa wangu, wewe ndio unafundisha watoto hesabu, niambie nani ameniibia." Hakuna aliyeiba, fundi alipiga hesabu na makosa yake ni yaleyale naona kwa daftari za watoto wa S.3 kila muhula.

Dhana potofu: ukivuta tepu kutoka ncha hadi ncha, huo ndio urefu unaoweka kwenye πr²h, alafu unaongeza tufe.

Ukweli: h ni urefu wa silinda peke yake, kutoka mshono wa kichwa kimoja hadi mshono wa kichwa kingine. Tangi la mjomba lina kipenyo cha mita 1.2, na ncha hadi ncha ni mita 3.6. Kila kichwa kinachomoza sawa na nusu kipenyo, mita 0.6, kwa hivyo vichwa viwili vimekula mita 1.2 nzima na silinda inabaki na mita 2.4 tu. Sasa tukokotoe polepole na π tuiweke 3.14:

```
silinda: 3.14 × 0.6² × 2.4      = 2.713
tufe:    (4/3) × 3.14 × 0.6³    = 0.904
jumla                           = 3.617 mita za ujazo
```

Hio ni kama lita 3,617. Angalia kwamba nusutufe mbili ni tufe moja nzima, kwa hivyo usihangaike kupiga kila kichwa kivyake. Fundi yeye aliweka 3.6 pale pa 2.4 akapata lita 4,070 za silinda, akaongeza 904 za tufe, ikawa 4,974, akasema ah hizo ni elfu tano. Yaani vichwa amevihesabu mara mbili, mara ya kwanza kama silinda na mara ya pili kama tufe, na hapo ndipo zilipotokea lita karibu 1,360 ambazo hazijawahi kuwepo. Wengine wanakwepa kosa hilo kwa kulifanya tangi lote silinda ya mita 3.6 bila tufe, wanapata 4,070, bado imezidi kwa lita 450 kwa sababu wamejaza zile kona ambazo kichwa cha mviringo hakina.

Lakini mjomba alinibana, na alikua na haki. Mapipa 17 ni lita 3,400, na la 18 lilibaki na lita kama 50 hivi, kwa hivyo ndani ya tangi mliingia kama 3,550 sio 3,617. Lita sitini na kitu zimeenda wapi? Jibu linahitaji eneo la uso, na hapo kuna dhana nyingine.

Dhana potofu: eneo la tangi ni eneo la silinda nzima pamoja na vifuniko vyake vya duara, alafu unaongeza vichwa.

Ukweli: zile duara mbili pale kichwa kinaposhika silinda hazipo. Mtoto amekariri kanuni ya silinda yenye vifuniko, 2πrh + 2πr², akiona silinda mahali popote anaimwaga yote, lakini ukiingiza mkono kwenye tangi kupitia mfuniko hautagusa ukuta wowote hapo mshononi, maji yanapita tu kuingia kichwani. Uso ni ubavu wa silinda, 2πrh, na tufe, 4πr². Kwa tangi letu ubavu ni mita za mraba 9.04 na tufe ni 4.52, jumla 13.56. Ukiongeza duara unafika 15.83, na kwa chuma cha unene wa milimita 5 hizo mita za mraba 2.26 za uongo ni karibu kilo 89 za chuma ambacho mteja analipia na hakitumiki.

Hapa kuna kitu kinanifurahisha kila nikikifundisha. Ukijumlisha 2πrh na 4πr² unapata 2πr(h + 2r), na h + 2r ni ule urefu wa ncha hadi ncha! Kwa hivyo urefu mzima wa tepu, ambao ulituharibia ujazo, kwenye eneo ndio wenyewe unaotakiwa: 2 × 3.14 × 0.6 × 3.6 = 13.56. Unaweza kukagua hesabu yako kwa sekunde kumi. Ila usichukue hio 13.56 ukaenda kununua pleti kamili kama ilivyo, kwa sababu ubavu unakunjwa kutoka kwa pleti bapa bila shida lakini nusutufe haikunjwi, inakatwa vipande kama maganda ya chungwa au inabanwa kwa mashine, na mabaki ni lazima.

Sasa zile lita. Tepu ya fundi ilipima nje, na maji yako ndani. Chuma chenyewe kimechukua nafasi ya karibu eneo mara unene, 13.56 × 0.005 = 0.068, yaani lita 68. Toa kwenye 3,617 unabaki na 3,549. Mjomba alienda akachungulia tena lile pipa la 18, akarudi kimya.

Kabla ya kutumia hesabu hizi kwa tangi lolote pima kichwa kwanza. Matangi mengi ya gesi na mafuta yana vichwa vilivyobonyea kidogo, sio nusutufe. Kama kutoka mshono hadi ncha sio nusu ya kipenyo, kanuni ya tufe itakudanganya.

Dhana ya mwisho ni ya mjomba mwenyewe, amechonga kijiti cha kupimia na akakigawa robo nne sawa. Nusu ni sawa kabisa, tangi likilala maji yakifika katikati ni nusu ya ujazo. Robo ndio sio. Maji yakiwa sentimita 30 kwenye kipenyo cha 120, chini tangi ni jembamba, kwa hivyo silinda ina asilimia 19.5 tu ya ujazo wake na vichwa asilimia 15.6. Tukitumia vipimo vya nje inakuja kama lita 670, wakati kijiti kinasema zaidi ya 900. Na juu ni kinyume chake, pale kijiti kinaposema robo tatu tayari zimeshaingia zaidi ya robo tatu. Tumekichonga upya kijiti kwa kumwaga pipa moja moja na kuweka alama kila mara, na alama za katikati zimekaribiana, za chini na za juu zimeachana.