Nunua sasa, lipa baadaye: jinsi ya kujua gharama yake halisi

Nunua sasa, lipa baadaye ni mkopo uliofungwa kwenye bidhaa. Hupewi fedha mkononi. Kampuni ya mikopo, benki au muuzaji mwenyewe anagharamia simu, friji au televisheni, nawe unailipa kidogo kidogo huku ukiitumia. Kwa kuwa fedha hazipiti mikononi mwako, wengi hawauhesabu kuwa ni mkopo, na mara nyingi tangazo halitaji riba kabisa. Linataja mambo mawili tu: kianzio, na kiasi cha kulipa kwa siku au kwa mwezi.

Aina zake ni nyingi, lakini tatu ndizo zinazokutana na watu wengi. Kuna malipo manne yasiyo na riba, mtindo uliokuzwa na kampuni kama Klarna ya Uswidi na ambao kwa walio Ghuba umezoeleka kupitia kampuni za Tabby na Tamara. Hapo anayebeba gharama ni muuzaji, anayekatwa sehemu ya bei ili apate mteja, nawe huongezewi kitu mradi ulipe kwa wakati. Aina ya pili ni simu za kulipia kila siku, zilizoenea sana Kenya. Ya tatu ni awamu za kadi ya benki: unanunua kwa kadi, kisha benki inagawanya deni kwa miezi 3, 6 au 12. Aina hizi mbili za mwisho ndizo zinazohitaji kalamu na karatasi.

Tuanze na simu. Mfano wetu una tarakimu rahisi, lakini umbo lake ndilo utakaloliona dukani. Simu inauzwa taslimu kwa shilingi 15,000 za Kenya. Kwa malipo ya polepole unatoa kianzio cha 3,000, halafu shilingi 50 kila siku kwa siku 365. Hamsini mara 365 ni 18,250, na ukijumlisha kianzio unapata 21,250. Umeongeza 6,250 juu ya bei ya taslimu.

Watu wengi huishia hapo. Wanagawanya 6,250 kwa 15,000, wanapata asilimia 42, wanaguna kidogo na kutia sahihi. Hesabu hiyo ina makosa mawili. La kwanza, hukukopa 15,000. Kianzio cha 3,000 kilitoka mfukoni mwako siku hiyohiyo, kwa hiyo mkopo ni 12,000 tu, na 6,250 juu ya 12,000 ni asilimia 52. La pili ndilo zito zaidi: hukukaa na hizo 12,000 mwaka mzima. Ulianza kuzirudisha siku iliyofuata, na kufikia katikati ya mwaka zaidi ya theluthi moja ya deni ilikuwa imekwisha. Riba ya mwaka hupimwa kwa deni ulilokuwa nalo kweli kila siku, na deni hilo lilikuwa likishuka muda wote.

Jibu sahihi hutolewa na fomula iliyomo ndani ya Excel au Google Sheets. Andika idadi ya malipo, kiasi cha kila lipo kikiwa na alama ya kutoa, kisha kiasi ulichokopa:

```
=RATE(365,-50,12000)*365
```

Jibu ni karibu asilimia 90 kwa mwaka, yaani kama asilimia 7.5 kwa mwezi. Fomula ikikataa na kuleta neno la kosa, mara nyingi ni kwa sababu umesahau alama ya kutoa mbele ya 50.

Asilimia 7.5 kwa mwezi si tarakimu ngeni Kenya. M-Shwari, huduma ya mikopo inayotolewa kupitia simu, ilipoanza mwaka 2012 ilitoza ada hiyohiyo kwa mkopo wa siku 30. Kwa hiyo mtu anayesema hawezi kugusa mikopo ya kupitia simu kwa jinsi ilivyo ghali, lakini simu yenyewe anailipia 50 kwa siku kwa masharti haya, yuko kwenye bei ileile. Tofauti ni kwamba kwenye mkopo wa kupitia simu ada ameiona, na hapa haionekani.

Tazama siku ya kwanza ya malipo. Deni ni 12,000 na riba ya siku moja ni karibu robo ya asilimia moja, yaani shilingi 30 hivi. Kati ya zile 50, ni 20 tu zilizopunguza deni. Kadiri deni linavyoshuka mgawo hugeuka, na siku za mwisho karibu zote 50 zinalipia simu. Jambo hili tutalihitaji tukifika kwenye kulipa mapema.

Sasa weka 12,000 hizohizo kwenye chama cha akiba na mikopo kinachotoza asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua. Mwezi wa kwanza unarudisha 1,000 ya mkopo na 120 ya riba. Wa pili, 1,000 na 110. Hivyo hivyo hadi mwezi wa mwisho, ambao riba yake ni 10. Riba yote ya mwaka ni 780. Kwa mkopo wa benki wa asilimia 18 kwa mwaka, nao kwa salio linalopungua, riba ingekuwa kama 1,200, ukiongeza ada ya kushughulikia mkopo. Linganisha na 6,250.

Pengo hilo lina sababu zake, na si zote ni tamaa. Chama kinakukopesha kwa sababu una akiba ndani yake na wenzako wamekudhamini. Muuza simu hakujui, hana mdhamini, na baadhi ya wateja wake hawatamaliza kulipa. Hasara yao imo ndani ya 50 yako. Dhamana yake ni simu yenyewe: usipolipia siku, inajifunga kwa programu iliyowekwa ndani yake, na kuifungua ni kulipa tu. Mipango mingine haiongezi faini unapochelewa, inasogeza tu tarehe ya mwisho. Hapo gharama ya kuchelewa ni siku ulizokaa na simu isiyofanya kazi, na kwa bodaboda au muuza nguo anayepokea oda kwa simu, hiyo inaweza kuzidi faini. Kabla ya kulipa kianzio, uliza kama kuchelewa kunasogeza tarehe au kunaongeza deni.

Bei ya taslimu nayo inahitaji jicho. Hesabu yote hapo juu inasimama juu ya zile 15,000, na duka linalouza kwa awamu lina kila sababu ya kuitaja juu. Pita maduka mawili matatu yasiyokopesha, uliza simu ya muundo uleule na kumbukumbu ileile, utumie bei ya chini utakayoipata. Ikiwa kwingine ni 13,500, mkopo wako halisi ni 10,500, na riba imepanda tena.

Kwenye kadi, neno linalovuta ni asilimia sifuri. Chukua televisheni ya 60,000, awamu 6 za 10,000, bila riba, lakini kuna ada ya kushughulikia ya asilimia 5 inayokatwa mwanzoni. Ada ni 3,000. Ukiilipa siku ya kwanza, benki imekusaidia kwa 57,000 tu, na bado unarudisha 60,000. Fomula ileile, safari hii kwa miezi:

```
=RATE(6,-10000,57000)*12
```

Inatoa karibu asilimia 18 kwa mwaka. Hiyo si bei mbaya, ni bei ya mkopo wa kawaida wa benki. Kasoro yake ni kuitwa sifuri. Cha kushangaza ni kinachotokea ukibadili muda na kuiacha ada palepale. Kwa miezi 12, ada ya 3,000 ni sawa na chini ya asilimia 10 kwa mwaka. Kwa miezi 3, ni zaidi ya asilimia 31. Ada ya mara moja haijali unakaa na deni muda gani, kwa hiyo anayejitahidi kumaliza haraka ndiye anayelipa riba kubwa zaidi kwa kila shilingi aliyokopa. Ukijua utaweza kumaliza ndani ya miezi 3, huenda kulipa taslimu kukafaa zaidi.

Hata pasipo ada yoyote, sifuri inaweza kujificha kwenye punguzo. Duka likikubali 56,000 kwa mwenye fedha mkononi na 60,000 kwa mwenye awamu, mkopo wako ni 56,000, na awamu 6 za 10,000 ni asilimia 24 kwa mwaka. Kwa hiyo omba punguzo la taslimu kwanza, kabla hujataja kadi. Ukishataja kadi, bei haishuki tena.

Benki nyingine hazitozi ada bali zinatangaza asilimia 1 kwa mwezi isiyopungua. Hii huhesabiwa kwa deni la mwanzo hadi mwisho, hata baada ya kurudisha nusu yake. Kwa 60,000 na miezi 12 ni riba ya 7,200, na kiwango chake halisi ni zaidi ya asilimia 21 kwa mwaka. Asilimia 1 ya chama cha akiba na asilimia 1 hii zimeandikwa sawa, lakini ya pili inakaribia kuwa mara mbili ya ya kwanza. Kwenye mkataba tafuta maneno "salio linalopungua". Yasipokuwepo, hesabu mwenyewe.

Kosa kubwa la awamu za kadi hutokea baadaye. Kila mwezi awamu huingia kwenye taarifa ya kadi pamoja na manunuzi mengine, na mteja akilipa kile kiwango cha chini tu, sehemu iliyobaki inageuka deni la kawaida la kadi, lenye riba kubwa kuliko mpango wenyewe. Hapo ununuzi wako mwingine nao unaweza kupoteza siku zake za kukaa bila riba. Na ukirudisha bidhaa dukani, awamu haziachi kukatwa mpaka duka lirejeshe fedha benki. Ile ada mara nyingi hairudi.

Mwishoni mwa 2024 Kenya ilibadili sheria ili biashara za mikopo zisizopokea amana, zikiwemo za nunua sasa ulipe baadaye, ziwe chini ya leseni ya Benki Kuu. Kabla ya kutia sahihi, inafaa kuuliza kampuni kama inayo leseni hiyo.

Swali jingine la kuuliza ni la kulipa mapema. Rudi kwenye simu ya 50 kwa siku. Baada ya siku 180 umelipa 9,000, na kwenye skrini unaonyeshwa zimebaki 9,250. Lakini karibu nusu ya ulicholipa ilikuwa riba, na deni halisi siku hiyo ni kama 7,400. Tofauti, karibu 1,850, ni riba ya siku ambazo hazijafika. Kampuni inayokubali kupunguza kiasi hicho unapomaliza mapema inakutendea haki. Inayodai 9,250 zote inataka riba ya muda ambao hutakuwa na deni lake, na ikiwa ni hivyo, heri wewe uendelee na 50 zako hadi mwisho, fedha za ziada uziweke akiba.