Beta ndogo, hisa isiyouzwa: namna ya kusoma mstari wa soko la dhamana

Malalamiko ya aina moja yanazidi kutufikia. Mwananchi anakuja na picha ya jedwali aliyotumiwa kwenye kundi la simu. Kwenye jedwali hilo kuna jina la kampuni iliyoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam, namba "beta 0.32", na maneno: "Hatari ndogo, ipo juu ya mstari, nunua." Amenunua. Sasa anataka kuuza na hapati mnunuzi, na anauliza kwa nini hisa yenye hatari ndogo imemfanyia hivyo.

Kwa heshima zote, beta haikuahidi kwamba mnunuzi atapatikana. Tuanzie hapo.

Modeli ya CAPM, iliyoasisiwa miaka ya 1960 na William Sharpe na wenzake, inajibu swali moja tu: ukishika hisa hii, soko linapaswa kukulipa faida kiasi gani kwa hatari usiyoweza kuikwepa hata ukitawanya fedha zako kwenye kampuni nyingi? Fomula yake ni hii, E(Ri) ikiwa faida inayotarajiwa kwa hisa na β ikiwa beta yake:

E(Ri) = Rf + β × [E(Rm) − Rf]

Rf ni faida isiyo na hatari, na kwetu watu huchukua riba ya dhamana za Serikali za muda mfupi, kwa mfano za siku 364. Msichukue riba ya akaunti ya muda maalumu ya benki, na msichanganye na hatifungani ya miaka 20 wakati hesabu yenu ni ya mwaka mmoja. E(Rm) ni faida inayotarajiwa kwa soko zima. Tofauti kati ya hizo mbili ndiyo fidia ya hatari ya soko. Beta inaonyesha hisa husogea kiasi gani soko linaposogea kwa asilimia moja: beta ya 1 huenda sambamba na soko, ya 1.5 huzidisha mwendo, ya 0.5 huupunguza. Moto ukiunguza ghala la kampuni au mkurugenzi akitoroka na fedha, hayo hayamo kwenye beta.

Tuchukue namba za mfano, siyo za soko la leo. Rf iwe asilimia 8 na soko litarajiwe kutoa asilimia 14. Fidia ni 6. Chora mhimili wa ulalo uwe beta, wa wima uwe faida. Mstari unaanzia 8 pale beta ilipo sifuri, unapita 14 pale beta ilipo 1, na unaendelea kupanda kwa mwinuko huohuo. Huo ndio mstari wa soko la dhamana. Si chati ya bei. Hauonyeshi jana na kesho, na nukta iliyo kulia si "baadaye". Tumelisema hili kwenye kila semina.

Sasa hisa ya kwenye jedwali. Tuseme bei yake ni shilingi 500, mchambuzi anatarajia gawio la shilingi 25 na bei ya shilingi 530 baada ya mwaka. Faida inayotarajiwa ni shilingi 55 kwa 500, yaani asilimia 11. Kwa beta ya 0.32, mstari unadai 8 + 0.32 × 6, sawa na asilimia 9.9 hivi. Hisa inatarajiwa kutoa 11 pale panapodaiwa 9.9, kwa hiyo nukta yake ipo juu ya mstari. Na juu ya mstari maana yake ni bei rahisi, siyo ghali kama wengi wanavyodhani: wanunuzi wakiikimbilia, bei hupanda, faida ya anayenunua baadaye hupungua, na nukta hushuka mpaka iguse mstari. Hapa ingegusa bei ikifika karibu shilingi 505.

Hesabu ni sahihi. Tatizo ni hiyo 0.32.

Hisa nyingi katika soko letu hupitisha siku, hata wiki, bila kubadilisha mikono. Bei ya kufunga inayochapishwa ni ile ya mauziano ya mwisho, inarudiwa vilevile. Tuone inavyoharibu beta. Tuseme katika wiki tano soko limesogea kwa asilimia +2, −1, +3, −3 na +4. Hisa yetu kwa kweli inafuata soko hatua kwa hatua, ila imeuzwa wiki ya tatu na ya tano pekee. Rekodi yake itasomeka 0, 0, +4, 0, +1, kwa kuwa kila inapouzwa inafidia wiki zilizopita kimya. Jumla ya wiki tano ni asilimia 5, sawa kabisa na soko. Sasa toa wastani, ambao ni 1 kwa pande zote mbili, zidisha tofauti wiki kwa wiki, kisha jumlisha: unapata 11. Tofauti za soko zikizidishwa zenyewe kwa zenyewe zinajumlika kuwa 34. Gawanya 11 kwa 34.

Jibu ni 0.32.

Hisa yenye beta ya kweli ya 1 imeonekana tulivu kwa sababu tu haikuuzwa. Irudishe kwenye mstari kwa beta ya 1: inadaiwa asilimia 14 na inatarajiwa kutoa 11. Ipo chini ya mstari, ni ghali, na bei ambayo ingestahili ni kama shilingi 487. Ushauri wa "nunua" umegeuka, ingawa hakuna aliyekosea kuzidisha. Na ule ugumu wa kupata mnunuzi, ambao ndiyo hatari aliyokutana nayo mlalamikaji, ndio huohuo uliomtengenezea beta ndogo.

Kwa hiyo kabla ya kuamini beta, uliza hisa iliuzwa siku ngapi katika kipindi kilichopimwa. Kama ni chache, mtaka beta atumie mabadiliko ya mwezi badala ya siku au wiki, au apime hisa dhidi ya soko la wiki hii pamoja na la wiki zilizotangulia na kujumlisha beta zinazopatikana. Uliza pia ilipimwa kwa faharasa ipi. DSEI, faharasa ya hisa zote za soko letu, inajumuisha kampuni za Kenya zilizoorodheshwa pia Dar es Salaam, hivyo inaweza kusogea kwa sababu ya mambo ya Nairobi. TSI ni ya kampuni za ndani pekee. Hisa moja inaweza kuwa na beta mbili tofauti, na zote zikawa zimekokotolewa sawasawa.

Kuhusu utaratibu. Chini ya Sheria ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, Sura ya 79, anayefanya biashara ya kutoa ushauri wa uwekezaji anatakiwa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Kufanya hivyo bila leseni ni kosa la jinai, na kuandika "huu si ushauri" chini ya jedwali unaloliuza hakukuondolei wajibu huo. Mwenye lalamiko dhidi ya dalali aanze kwa barua kwa dalali mwenyewe, yenye tarehe na sahihi, abaki na nakala iliyopokelewa kwa muhuri. Aambatishe karatasi ya kuthibitisha ununuzi, taarifa ya akaunti yake ya CDS inayohifadhi hisa zake, uthibitisho wa malipo na ujumbe wote wa ushauri ukiwa na tarehe na namba ya mtumaji, siyo picha iliyokatwa. Asiporidhika na majibu, ndipo alete kwa Mamlaka. Lalamiko lisemalo "hisa imeshuka" halitafika mbali, maana kushuka kwa bei si kosa la mtu. Lisemalo "nililipa ushauri kwa mtu asiye na leseni, na ushahidi ni huu" hufunguliwa jalada.

Taasisi yetu haikokotoi wala haithibitishi beta ya kampuni yoyote. Jedwali linalodai vinginevyo lilete kama lilivyo, pamoja na namba ya aliyelituma.