Je, mkondo hufuata njia rahisi peke yake?

"Mwalimu, si umeme hupita penye ukinzani mdogo tu? Basi kikinza kikubwa kilichofungwa sambamba hakipati kitu?"

Kinapata, ila kidogo. Chukua betri ya volti 12, ufunge sambamba kikinza cha omu 2 na cha omu 6. Vyote vimeshika ncha zilezile za betri, kwa hiyo kila kimoja kina volti 12 kamili. Kwa I = V/R, cha kwanza kinapitisha ampea 6, cha pili ampea 2. Kanuni ya Kirchhoff ya makutano inataka betri itoe jumla yake: ampea 8.

Wengi huteleza kwenye ukinzani wa jumla. 1/R = 1/2 + 1/6 = 2/3, nao wanaandika omu 0.67. Tazama kizio: hiyo 2/3 ni "moja kwa omu", bado haijageuzwa. Igeuze upate omu 1.5, kisha 12/1.5 = 8, sawa na makutano.

Usemi ule hukaribia ukweli kwenye shoti. Waya mtupu ukiunganisha ncha mbili, ukinzani wa ndani ya betri humeza karibu volti zote, na vikinza hubaki na mkondo hafifu mno.