Digoksini: Jinsi Pampu Iliyozuiwa Inavyoupa Moyo Nguvu

Mwaka 1785 daktari Mwingereza William Withering alichapisha habari za wagonjwa wake waliovimba mwili, aliowatibu kwa majani ya digitali, mmea wa Ulaya wenye maua ya zambarau yanayoning'inia kama kengele. Aliona mkojo ukiongezeka na uvimbe ukipungua, akahisi pia kwamba majani hayo yanaugusa moyo. Sababu isingeweza kueleweka kabla ya 1957, Jens Skou wa Denmark alipoitambulisha pampu ya sodiamu na potasiamu.

Pampu hiyo imo katika utando wa seli. Kila mzunguko hutoa nje chembe 3 za sodiamu na kuingiza 2 za potasiamu. Digoksini, dawa itokanayo na mimea ya jamii ya digitali, hujishikiza kwenye pampu kwa upande wake wa nje na kuikwamisha. Kwa dozi ya tiba ni sehemu tu ya pampu zinazozuiwa, kwa hiyo sodiamu huongezeka kidogo ndani ya seli ya msuli wa moyo.

Nguvu ya pigo, hata hivyo, haitoki kwa sodiamu bali kwa kalsiamu. Kwenye utando huohuo kuna mlango mwingine unaotoa kalsiamu kwa kubadilishana na sodiamu inayoingia. Sodiamu ikiongezeka ndani, ubadilishanaji huo hupungua kasi na kalsiamu hubaki. Seli huiweka katika ghala lake la ndani, na pigo linalofuata linapoifungulia, msuli hujikaza kwa nguvu zaidi.

Hatari nayo hupita njia hiyohiyo, kwa kuwa ghala lililojaa kupita kiasi huvujisha kalsiamu katikati ya mapigo na kuzua mapigo ya ziada. Tuchukue mgonjwa mzee anayemeza digoksini pamoja na furosemidi, dawa ya kuongeza mkojo, kisha akaharisha siku tatu. Potasiamu ya damu yake inashuka hadi milimoli 2.9 kwa lita, ilhali kawaida haipungui 3.5. Potasiamu ya nje ya seli hushindana na digoksini kwenye pampu; ikipungua, dawa hushika pampu nyingi zaidi ingawa kidonge ni kilekile. Mgonjwa anakosa hamu ya kula, anatapika, anaona vitu vikiwa na rangi ya manjano, na mapigo yanapotea mpangilio. Kipimo cha digoksini kwenye damu chaweza kusomeka kuwa cha kawaida, ndiyo maana mimi hutaka kuona potasiamu na utendaji wa figo kwanza: figo ndizo zinazoitoa dawa hii mwilini, na zikidhoofika, hujilimbikiza.

Utafiti mkubwa uliochapishwa 1997 ulionyesha kuwa digoksini hupunguza kulazwa hospitalini kwa moyo ulioshindwa, lakini haipunguzi vifo. Kwa hiyo hutolewa kwa dozi ndogo, mara nyingi miligramu 0.125 kwa siku, na mgonjwa aliyeharisha au kutapika anapaswa kumwona daktari kabla ya kumeza kidonge kinachofuata.