Kinyonga hana habari na kanga yako: dhana potofu na ukweli kuhusu rangi zake

Wiki iliyopita tena. Nimeingiza kundi msituni Amani usiku, kule Usambara Mashariki, hata robo saa haijaisha mama mmoja keshavua kanga yake nyekundu ananiambia kaka hebu mweke hapa tumuone akiwa mwekundu. Wanafunzi wanataka awekwe kwenye sweta, wazungu kwenye kofia, mwalimu mmoja alikuja kabisa na ubao wa drafti, eti tuone atatoa madoa meupe na meusi. Nimechoka jamani, ndo maana naandika.

DHANA: Kinyonga anageuka rangi ya kitu alichokalia.

Hapana. Ukimweka kwenye kanga nyekundu anakuwa mweusi mweusi au wa kahawia iliyokolea, watu wanapiga makofi "anabadilika, anabadilika!" wakati mnyama wa watu kashikwa shikwa, kamulikwa na simu sita, anaogopa. Hiyo rangi haijatoka kwenye kanga, ni hofu. Na ile video ya kinyonga anayepandishwa kwenye miwani ya kila rangi ni tangazo la biashara, rangi zimewekwa na kompyuta, naomba msinitumie tena.

Tuanze na ngozi yenyewe maana hapo ndipo watu wanapotea, wanadhani kuna kama kopo za rangi ndani anazichanganya. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva walimchunguza kinyonga mkubwa wa Madagaska, dume lake likitulia ni kijani, likichokozwa linakuwa la njano hadi chungwa. Wakakuta chini ya tabaka lenye rangi ya njano kuna seli zilizojaa vipande vidogo mno vya kristali za guanini, vimepangwa safu safu kama shanga. Kristali zenyewe hazina rangi. Umeshaona dizeli ikimwagika kwenye dimbwi la mvua barabarani inavyotoa bluu na zambarau? Dizeli haina bluu, ni mwanga unavyorudi kutoka kwenye utando mwembamba, na hapa ni ukoo huo huo. Kinyonga akiwa ametulia kristali zinakaa karibu karibu, zinarudisha bluu, bluu ikipita kwenye ile njano ya juu wewe unaona kijani. Dume mwingine akitokea, nafasi kati ya kristali zinapanuka kama asilimia 30 hivi, sasa kinachorudi ni njano, chungwa, mpaka nyekundu, ndani ya dakika chache tu. Zaidi ya hapo kuna seli za melanini, weusi ukitawanyika ndani yake ngozi inakuwa ya giza, ukikusanyika katikati ngozi inang'aa.

Sasa angalia kinachofungua hizo kristali. Sio jani wala ukuta wala kanga, ni dume mwenzake. Kijani ndio rangi yake ya kupumzika na ndiyo inayomficha kwenye majani, yaani muda anaojificha vizuri ndio muda ambao hajabadilika chochote! Akibadilika kwa nguvu anataka aonekane.

Kama huniamini mimi, 2008 kuna utafiti ulitoka wa vinyonga wadogo wa Afrika Kusini, makundi 21. Swali lilikuwa rahisi tu: wale wanaoweza kubadilika zaidi ni wale wanaoishi penye mandhari ya rangi nyingi, au ni wale wenye mbwembwe kali wakikutana wenyewe kwa wenyewe? Ingekuwa mambo ya kujificha jibu lingekuwa la kwanza, lakini ikawa la pili.

Ila mfano ninaoupenda mimi unatoka hapo jirani Kenya. Kuna kinyonga wa pembe tatu wa maeneo ya Mlima Kenya, anaitwa wa Jackson. Mwaka 1972 vinyonga kama 36 wa aina hiyo walipelekwa Hawaii kwa biashara ya kufuga, wakaishia porini, wakazaana. Kule hakuna nyoka na ndege wa kuwala kama huku kwetu. Miaka 50 baadaye, 2022, watafiti wakatoa matokeo: waliwachukua madume wa Hawaii na wa Kenya, wakawakutanisha dume kwa dume, dume kwa jike, kisha wakawaonyesha ndege na nyoka. Wa Hawaii wakitunishiana misuli au wakitongoza wanang'aa kuliko ndugu zao wa Kenya. Mantiki yake ni hii, kung'aa kunampa jike na kunafukuza mpinzani lakini pia kunamuita ndege, kwa hiyo wa Kenya anajibana, na wa Hawaii alipoondolewa hiyo hofu vizazi vyake vikaongeza sauti. Nasema sauti kwa sababu ndivyo ilivyo, ile rangi ni maneno.

Na maneno yenyewe yanasomeka. Kwa kinyonga wa Yemen, yule mwenye upanga kichwani kama wa jogoo, walirekodi mapigano mwaka 2013, dume mwenye mistari inayong'aa zaidi ubavuni ndiye alikuwa na uwezekano mkubwa wa kumsogelea mwenzake, na yule ambaye kichwa kinang'aa zaidi na kinabadilika haraka ndiye mara nyingi alishinda. Anayeona mambo magumu anajififisha awe mweusi, ni kama kunyoosha mikono, yaishe. Jike mwenye mayai tumboni naye anakuwa wa giza na madoa ya rangi kali, maana yake nishapata, usinisumbue. Halafu nyie mnamwita mwanasiasa kigeugeu "kinyonga", wakati kinyonga mwenyewe anakuambia waziwazi anachotaka.

Sisemi kwamba hajibadilishi kabisa kwa ajili ya maadui. Wapo, mmoja wa Afrika Kusini hujilinganisha na tawi vizuri zaidi mbele ya ndege kuliko mbele ya nyoka. Lakini hiyo ni kurekebisha kidogo ndani ya rangi zake za asili, drafti hawezi.

DHANA: Akiwa mweusi basi kakasirika.

Inategemea saa. Asubuhi kukiwa na baridi wengi wanajifanya weusi ili wavute joto la jua, yule wa jangwa la Namibi anaanza siku mweusi, jua likikaza anakuwa kijivu cheupe. Kwa hiyo mwangalie kwanza: katulia tawini, kageuzia jua ubavu, ni baridi tu. Kajaza hewa, kafungua mdomo, anafoka kwa pumzi, hapo ni wewe, ondoka.

DHANA: Usiku anakuwa mweusi ili asionekane.

Kinyume chake. Akilala anapauka, na hiyo ndiyo siri ya kazi yangu. Namulika tochi kwenye ncha za matawi, majani yote kijani, halafu kuna kitu kimoja cheupe cheupe kimejikunja mkia, huyo. Mchana ningepita hapo hapo mara tano nisimuone.

DHANA: Ana sumu.

Hana. Anaweza kung'ata ukimbana, basi.

Ukimkuta barabarani anavuka, usimshike mgongoni. Weka kijiti mbele ya miguu yake apande mwenyewe, mpeleke upande aliokuwa anaelekea. Na yule mama, kanga yake aliikunja, akazima tochi ya simu, tukakaa kimya kidogo. Kinyonga hakugeuka chochote, akaendelea kulala.